Neno Moja, Mabebo Mengi: Uchaguzi wa Maana katika Kamusi ya Lugha Mbili

Zoezi la kutafsiri sentensi tano au sita kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili ni la kawaida katika masomo ya lugha, kuanzia shule ya sekondari hadi mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Mwanafunzi hupewa sentensi, hurudi nyumbani, hufungua kamusi, na kesho yake huleta daftari. Mwalimu naye huchukua kalamu nyekundu, akakata neno moja na kuandika jingine juu yake. Mara nyingi neno lililokatwa limo katika kamusi, na lile lililoandikwa juu limo vilevile, katika kitomeo hichohicho, pengine katika mstari uleule. Mwanafunzi akiuliza kwa nini hili ni kosa na lile ni sahihi, jibu analopata ni kwamba “Kiswahili hakisemi hivyo.” Jibu hilo huenda likawa la kweli, lakini halimfundishi atakavyochagua siku nyingine, neno jingine litakapomjia na visawe vyake saba.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wingi wa visawe katika kitomeo kimoja ni wa aina mbili zisizofanana, na kwamba makosa mengi hutokana na kuzichanganya. Aina ya kwanza hutokea pale neno la lugha chanzi linapokuwa na maana mbalimbali kwelikweli. Hapo sentensi yenyewe huwa na ushahidi wa kutosha kuamua. Aina ya pili hutokea pale neno la lugha chanzi linapokuwa na maana moja tu, ila lugha lengwa ndiyo inayoigawanya maana hiyo katika vipande. Hapo sentensi inaweza kunyamaza kabisa, na kamusi haiwezi kusema kwa niaba yake. Mfano utakaotumika ni kitenzi kimoja tu cha Kifaransa, yaani porter, kwa kuwa ndani yake aina zote mbili zimekaa bega kwa bega.

1. Kitomeo na msomaji wake

Kamusi za Kifaransa na Kiswahili zina historia ndefu. Padri Charles Sacleux alitoa kamusi yake ya Kifaransa-Kiswahili huko Zanzibar mwaka 1891. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili-Kifaransa, ambayo hutaja pia lahaja za pwani ambamo maneno yalisikika, ilianza kutolewa Paris mwaka 1939. Baadaye ilikuja kamusi ya Kiswahili-Kifaransa ya Alphonse Lenselaer, iliyochapishwa Paris mwaka 1983. Inafaa kukumbuka kwamba kamusi ya kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili iliyotolewa mwaka 1891 ilimlenga mtu aliyekijua Kifaransa tangu utotoni, akawa anatafuta maneno ya kusema na watu wa pwani.

Mwanafunzi wa Lubumbashi au wa Kisangani yuko upande mwingine wa daraja hilo. Kifaransa amekipata darasani. Kiswahili amekipata nyumbani, sokoni na barabarani, lakini si lazima kiwe Kiswahili kilekile kilichomo kamusini. Anapoona visawe saba, baadhi yake anavitumia kila siku, baadhi anavijua kwa maana nyingine, na baadhi hajapata kuvisikia. Kwa hiyo huvutwa na vishawishi viwili vinavyopingana. Kimoja ni kuchukua neno la kwanza kwa kudhani kwamba la kwanza ndilo bora. Kingine ni kuchukua neno asilolijua kabisa, kwa kudhani kwamba neno geni ndilo sanifu.

Fikiria kitomeo kilichofupishwa kwa mtindo wa kamusi nyingi. Baada ya kidahizo porter, Kiswahili chake kimepangwa hivi: beba, chukua; twika, jitwika; eleka; pakata; peleka; vaa; zaa. Hakuna mfano, na hakuna maelezo mengine. Alama pekee za kumwongoza msomaji ni mkato na nukta-mkato. Kwa desturi, mkato hutenganisha maneno yanayokaribiana, na nukta-mkato hutenganisha maana zinazoachana. Lakini hapa ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu nukta-mkato iliyo kati ya peleka na vaa haifanyi kazi sawa na ile iliyo kati ya eleka na pakata. Ya kwanza inatenga maana mbili za kitenzi cha Kifaransa. Ya pili inatenga namna mbili za Kiswahili za kutazama tendo ambalo kwa Kifaransa ni moja. Kitomeo hakisemi tofauti hiyo. Kinaorodhesha yote kana kwamba ni vitu vya daraja moja.

2. Pale sentensi inapoamua

Zifuatazo ni sentensi za zoezi lililotungwa kwa ajili ya uchunguzi huu. Zimeandikwa kwa Kiswahili, isipokuwa kitenzi chenyewe, ambacho kimeachwa kama kilivyo hadi kipate tafsiri yake.

(a) Mwalimu PORTER shati jeupe.
(b) Mwembe huu PORTER matunda mengi.
(c) Mtoto PORTER barua kwa mkuu wa shule.
(d) Barua PORTER tarehe ya 30 Juni.
(e) Mwanamke PORTER ndoo ya maji.
(f) Mama PORTER mtoto.

Katika sentensi tatu za kwanza, mwanafunzi hahitaji kubahatisha. Akitazama kinachotangulia kitenzi na kinachokifuata kabla ya kufungua kamusi, atakuwa amekwisha kupunguza orodha. Katika (a), mtendwa ni vazi, na mtenda ni mtu aliye ndani ya vazi hilo. Kwa hiyo ni kuvaa. Katika (b), mtenda ni mti na mtendwa ni matunda. Kwa hiyo ni kuzaa. Katika (c), mtendwa ni kitu kinachobebeka, lakini kuna fungu la ziada: “kwa mkuu wa shule.” Fungu hilo linaonyesha mwisho wa safari, na Kiswahili kina kitenzi cha safari ya namna hiyo, yaani kupeleka. Mwanafunzi anayeandika “mtoto anabeba barua kwa mkuu wa shule” amesoma kitenzi na mtendwa wake, akaliacha fungu la tatu bila kazi.

Hivi ndivyo aina ya kwanza ya wingi inavyofanya kazi. Maana hutenganishwa na majirani wa neno, na majirani hao wamo ndani ya sentensi. Kamusi nzuri huwataja: huandika kwa mabano “nguo” kabla ya vaa, “mti” kabla ya zaa, “mahali au mtu” kabla ya peleka. Kamusi isipowataja, mwanafunzi anaweza kuwaandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa.

Sentensi (d) ni ya aina hiyohiyo, lakini inafundisha jambo jingine. Hakuna hata kisawe kimoja kati ya tisa kinachoifaa. Barua haibebi tarehe, haivai tarehe wala haizai tarehe. Kiswahili husema kwa urahisi: “Barua ina tarehe ya 30 Juni.” Sababu ya kisawe hiki kukosekana kamusini inaeleweka. Mtunzi wa kamusi hutafuta kitenzi kwa kitenzi, na kuwa na huonekana kwake kuwa muundo wa sarufi, si neno la kuorodheshwa. Hali ni hiyo pia kwa mtu “aliyebeba” jina, ambaye kwa Kiswahili anaitwa au ana jina. Na kwa mtu “aliyebeba” malalamiko mbele ya hakimu, ambaye kwa Kiswahili ameshtaki tu, kitenzi na nomino ya Kifaransa vikiwa vimeyeyuka katika neno moja. Mwanafunzi aliyezoezwa kwamba jibu lazima liwe mojawapo ya visawe vilivyoandikwa hatalipata jibu hili kamwe. Visawe vyote vikikataa kukaa karibu na majirani wa sentensi, hiyo ni dalili kwamba swali libadilike. Badala ya kuuliza “Neno hili ni lipi kwa Kiswahili?” aulize “Jambo hili husemwaje kwa Kiswahili?”

3. Pale sentensi inaponyamaza

Sentensi (e) na (f) ni za tabaka jingine. Kifaransa hakijabadilisha maana: mwanamke, ndoo, mama na mtoto wote wako katika tendo moja la kuchukua uzito bila kuuweka chini. Kiswahili ndicho kinachouliza maswali zaidi. Je, mzigo uko kichwani? Basi amejitwika. Je, mtoto amefungwa kwa mbeleko mgongoni au ubavuni? Basi ameelekwa. Je, yuko mikononi au mapajani? Basi amepakatwa. Kifaransa kinaweza kuyasema hayo yote kwa kuongeza maneno, lakini kitenzi chenyewe hakilazimishi. Katika Kiswahili, anayechagua jitwika amekwisha kusema “kichwani,” apende asipende.

Hapa ndipo kosa lisiloonekana hufanyika. Mwanafunzi mwenye bidii, akitaka kuonyesha utajiri wa msamiati wake, ataandika: “Mwanamke amejitwika ndoo ya maji.” Sentensi hiyo ni Kiswahili safi. Inapendeza kuliko “amebeba ndoo ya maji.” Lakini inadai jambo ambalo sentensi ya Kifaransa haikulisema. Mwanamke huyo huenda ameishika ndoo kwa mkono wa kulia, maji yakimwagika mguuni pake.

Kipimo cha jambo hili ni kurudi. Baada ya kuchagua neno la Kiswahili, mwanafunzi afungue upande wa pili, yaani kamusi ya Kiswahili-Kifaransa, au afungue kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Asome maelezo ya neno alilolichagua na kuyalinganisha na sentensi aliyopewa. Je, maelezo hayo yana kitu ambacho sentensi haina? Kama kipo, kitu hicho ni nyongeza, na kila nyongeza inadai ushahidi. Jitwika likirudishwa huja na kichwa. Eleka huja na mtoto, na mgongo au ubavu, na nguo ya kufungia. Pakata huja na mikono au mapaja. Beba huja bila mzigo wa ziada, kwa kuwa katika matumizi ya leo limepanuka na kuhusu mwili wowote na mzigo wowote. Kwa hiyo katika (e), sentensi ikiwa peke yake, beba ndilo neno la haki. Halitoi picha kali, lakini halisemi uongo.

Neno chukua, ambalo kamusi imeliweka jirani kabisa na beba na kuwatenga kwa mkato tu, linahitaji tahadhari yake. “Amechukua ndoo ya maji” husomeka kwa urahisi kama habari ya mtu aliyeitwaa ndoo, pengine akaondoka nayo. Mkato wa kamusi unaahidi kwamba maneno mawili yanaweza kubadilishana. Hauahidi kwamba yanabadilishana kila mahali. Mwanafunzi wa Katanga ana ugumu mwingine hapa, kwa kuwa katika mazungumzo yake ya kila siku tendo la kutwaa kitu husemwa mara nyingi kwa kukamata. Chukua huweza kumjia kama neno la vitabuni lisilo na mipaka iliyo wazi, na ndiyo sababu hulitumia popote.

Sasa sentensi (f). Ni fupi kuliko zote, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Mbali na beba, eleka na pakata, iko tafsiri ya nne ambayo orodha haikuitaja: Kifaransa huweza kutumia kitenzi hichohicho kwa mama mjamzito, na hapo Kiswahili kitasema ana mimba au amebeba mimba. Sentensi yenye maneno matatu imezaa tafsiri nne, na hakuna jirani hata mmoja wa kuamua kati yao. Beba litafunika tatu za kwanza, la nne halifunikwi na neno hilo bila kubadilisha “mtoto” kuwa “mimba.” Mwalimu anayetoa sentensi kama hii ikiwa imesimama peke yake, kisha akakata “amempakata” na kuandika “amemweleka,” hasahihishi tafsiri. Anaweka picha iliyomo kichwani mwake mahali pa picha iliyomo kichwani mwa mwanafunzi, na sentensi haikumpa yeyote kati yao haki ya kushinda.

Hali hubadilika kabisa sentensi ikipewa jirani mmoja. Tuseme matini inaendelea: “Mikono yake miwili inatwanga mahindi, na mtoto amelala.” Sasa mikono haiko huru, kwa hiyo pakata limeondoka. Mtoto analala, kwa hiyo amekwisha kuzaliwa, na mimba imeondoka. Kinachobaki ni mgongo na nguo ya kufungia, na eleka linapata ushahidi ambalo lilikuwa halina. Vivyo hivyo kwa ndoo: kama matini itasema kwamba mwanamke ameshika watoto wawili, mmoja kila mkono, jitwika linakuwa chaguo linaloweza kutetewa. Ushahidi wa aina ya pili ya wingi haupatikani katika sarufi ya sentensi. Hupatikana katika hali ya mambo inayoelezwa na matini nzima.

4. Neno sahihi, wakati usio sahihi

Kuna mahali pa tatu ambapo tafsiri huharibika hata baada ya kisawe kuchaguliwa vizuri, na kamusi haisemi lolote juu yake. Kifaransa hutumia wakati uliopo kwa mwalimu mwenye shati jeupe. Mwanafunzi huchagua vaa, huona wakati uliopo, huandika: “Mwalimu anavaa shati jeupe.” Msomaji wa Kiswahili anamwona mwalimu akiingiza mikono katika shati na kufunga vifungo, au anaelewa kwamba ndiyo desturi yake. Sentensi ya Kifaransa, katika usomaji wake wa kawaida, ilimwonyesha mwalimu ambaye tayari yumo ndani ya shati. Kiswahili husema hivyo kwa -me-: “Mwalimu amevaa shati jeupe.”

Sababu yake ni kwamba vaa, jitwika, eleka na pakata ni vitenzi vya kuingia katika hali. Kujitwika ni kuweka mzigo kichwani. Ukishauweka, umejitwika, na utaendelea kuwa umejitwika hadi utue. Kitenzi cha Kifaransa hutaja hali yenyewe inayodumu. Kwa hiyo kisawe cha kamusi kinalingana na kidahizo kwa sharti la kubadilisha kiambishi cha wakati, na sharti hilo halikuandikwa. Dalili ya kosa ni rahisi kuitambua: sentensi ikisomwa kwa sauti mbele ya mzungumzaji mzoefu, naye akauliza “Anavaa sasa hivi?”, basi wakati umekosewa, si neno. Sentensi (b) haina ugumu huu. “Mwembe huu huzaa matunda mengi” ni desturi ya mti huo, na hu- hutosha.

Kamusi huacha pia kiambishi cha mtendwa. Inatoa beba, lakini mtu anapobebwa, Kiswahili sanifu husema “amembeba mtoto,” hali ndoo si lazima ipewe kiambishi chake. Mwanafunzi anayenakili shina la kitenzi kama lilivyo atakuwa amepata neno na kupoteza sentensi.

5. Yanayomhusu mwalimu

Kutokana na hayo, lawama haiwezi kuwekwa yote juu ya mwanafunzi, wala juu ya kamusi. Kitomeo ni orodha ya uwezekano. Hakikutungwa kiwe hukumu. Kasoro yake ya kweli, inayostahili kukosolewa na watunzi wa kamusi zijazo, ni kuchanganya mgawanyo wa maana wa Kifaransa na mgawanyo wa Kiswahili katika mfululizo mmoja wa nukta-mkato. Kitomeo cha porter kingekuwa na faida zaidi kama kingekuwa na ngazi mbili: kwanza kubeba, kupeleka, kuvaa, kuzaa, kila moja na majirani wake; kisha, chini ya kubeba peke yake, jitwika, eleka na pakata, kila moja na sehemu ya mwili inayolidai.

Kabla kamusi ya namna hiyo haijafika mikononi mwa wanafunzi, zoezi lenyewe linaweza kurekebishwa. Sentensi ambayo jibu lake linategemea hali ya mambo isitolewe peke yake. Ipewe sentensi ya pili inayoifuata. Sentensi isiyo na ushahidi ikibaki peke yake, neno pana lipokelewe kuwa sahihi, na neno finyu lisikatwe bila sababu inayoweza kuonyeshwa katika matini. Neno la pwani kama eleka lisipewe alama zaidi ya beba kwa sababu tu ya ugeni wake katika masikio ya Katanga. Linastahili alama pale tu mbeleko inapoonekana.

Aidha, daftari la zoezi linaweza kuwa na safu ya pili. Kando ya kila tafsiri, mwanafunzi aandike visawe viwili alivyovikataa na neno la sentensi lililomfanya avikatae. Kwa (c) ataandika: “si beba, si vaa, kwa sababu ya ‘kwa mkuu wa shule’.” Kwa (f), ikiwa mwaminifu, ataandika: “eleka na pakata havina ushahidi.” Mwalimu akisoma safu hiyo atajua mara moja kama mwanafunzi alichagua au alibahatisha, jambo ambalo neno moja lililoandikwa peke yake, hata likiwa sahihi, haliwezi kumwambia.